Usinipigie wimbo, nipigie nyuzi

Na Salehe Mkwizu

"Gitaa kali, sauti tamu, kama jipya, lina kesi yake, bei maelewano." Hivyo ndivyo yanavyoandikwa matangazo mengi ya magitaa yaliyotumika kwenye makundi ya WhatsApp ya wanamuziki. Chini huwekwa picha moja ya mbele na video ya nusu dakika, muuzaji akicharaza kiitikio cha wimbo unaopendwa. Mnunuzi wa mkoani akishausikia wimbo, anatuma pesa. Video ya namna hiyo haimwambii chochote kuhusu gitaa. Inamwambia kwamba muuzaji anajua kupiga.

Mwalimu mmoja wa kwaya hapa Mwanza alinunua gitaa kwa njia hiyo kutoka Dar es Salaam. Lilifika kwa basi. Akalipima kwa programu ya kutyuni ya simu, akakuta kila uzi uko chini kwa toni nzima: uzi wa sita, ambao ungekuwa E, ulikuwa D, na nyingine zote zimeshuka kwa kiasi hicho hicho. Akadhani zimelegea njiani, akazikaza mpaka zikafika zinapotakiwa. Kesho yake asubuhi alikuta daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogundishwa kifuani ili kushika nyuzi, limeachana na ubao upande wa nyuma. Karatasi ilipenya chini yake bila shida.

Aliponiletea, nilitazama kwanza kichwa cha gitaa. Kilikuwa na matundu mawili marefu, shingo ilikuwa pana, na nyuzi zilifungwa kwa fundo kwenye daraja badala ya kushikwa na vipini. Hilo ni gitaa la klasiki, lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Lilikuwa limevalishwa nyuzi za chuma. Seti ya nailoni ikityuniwa sawasawa huvuta daraja kwa nguvu ya karibu kilo 40. Seti ya chuma, hata ile nyepesi, huvuta kwa kilo 70 hivi. Kifua cha gitaa la klasiki ni chembamba, na mbao zilizopangwa ndani yake hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Mwenye gitaa wa kwanza bila shaka alipenda mlio mkali wa chuma, akaona ubao unaanza kuvimba, akashusha nyuzi toni nzima ili kupunguza mvuto. Zikishushwa hivyo, lingeweza kuishi. Lakini tangazo halikusema lolote.

Ndiyo maana nasema tyuni ni sehemu ya hali ya gitaa, na lazima iandikwe. "Limetyuniwa E A D G B E, A ni 440" ni sentensi fupi, na inamaanisha kwamba daraja na shingo vimebeba mvuto kamili vikavumilia. Likiwa limeshushwa, iandikwe limeshushwa kiasi gani na kwa nini. Wapo wanaoshusha nusu toni kwa sababu ya sauti ya mwimbaji wao, na hiyo si kasoro. Aina ya nyuzi nayo iandikwe, nailoni au chuma, pamoja na picha ya kichwa na ya daraja kutoka ubavuni. Picha ya mbele peke yake haionyeshi daraja lililonyanyuka wala kifua kilichovimba.

Sasa video. Mpigaji mzuri akikutana na freti mbovu, vidole vyake huikwepa vyenyewe. Anahamia uzi mwingine au anapiga kodi kwa umbo lingine, na wimbo unapita bila doa, naye pengine hana hata nia ya kudanganya. Kwa hiyo wimbo uje mwisho, kama muuzaji ana hamu nao. Kwanza apige nyuzi sita wazi, mmoja mmoja, akiuacha kila uzi ulie mpaka ufe wenyewe. Hapo tunasikia kama sauti inadumu au inakatika ghafla, na kama kuna kitu ndani kinatetemeka.

Kisha apande freti kwa freti kwenye uzi wa sita mpaka freti ya 12, halafu afanye vivyo hivyo kwenye uzi wa kwanza, polepole. Ukisikia mlio wa kukwaruza kwenye freti za kwanza tatu tu, mara nyingi ni freti zilizolika, maana ndipo zinapokaa kodi za mwanafunzi anayeanza. Mkwaruzo ukienea katikati ya shingo, tatizo huenda ni shingo yenyewe imepinda.

Mwisho jaribio la freti ya 12, ambalo mimi nalithamini kuliko yote. Freti hiyo iko nusu ya urefu wa uzi. Gusa uzi juu yake bila kuukandamiza, uupige, na utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa ukandamize pale pale, uupige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Ile ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, na nyuzi si kuukuu, kwa kawaida nyuzi ziko juu mno: kidole kinalazimika kuuvuta uzi mbali mpaka ufike kwenye freti, na kuuvuta huko kunapandisha sauti. Gitaa la namna hiyo litatyuniwa wazi likakubali, kisha kila kodi ya juu itatoka imechacha. Weka rula kwenye freti ya 12 na upime kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi wa sita. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2.5 ni vizuri. Likipita 3, vidole vitaumia. La klasiki huruhusiwa kufika 4 hivi. Namba hiyo nayo iingie kwenye tangazo.

Yote haya hayazidi dakika moja na nusu. Simu iwekwe hatua moja mbele ya gitaa, ielekee pale shingo inapokutana na mwili, kwa sababu mkabala na tundu sauti huvuma mno. Feni izimwe, video isikatwe katikati, mwangwi usiongezwe. Ianze kwa kuonyesha kibandiko kilichomo ndani ya tundu, ili mnunuzi ajue kinacholia ndicho atakachopokea. WhatsApp hubana video, hivyo ni afadhali itumwe kama faili la hati. Na mnunuzi avae spika za masikioni, kwa sababu spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za uzi wa sita, na mtetemo wa pale chini hautasikika.

Limebaki neno "kesi". Yule mwalimu aliahidiwa kesi, akapokea mfuko wa kitambaa usio na sponji. Kati ya mfuko mtupu, mfuko wenye sponji na sanduku gumu kuna tofauti ya bei na ya usalama, basi muuzaji ataje ni kipi na apige picha kikiwa wazi, zipu na bawaba zikionekana. Kwa gitaa linalopanda basi, sehemu inayovunjika kwa urahisi ni pale kichwa kinapoungana na shingo. Magazeti yaliyofinyangwa chini ya kichwa na pande zote za shingo husaidia hata ndani ya sanduku gumu. Nyuzi zilegezwe kidogo kabla ya safari, maana joto la buti ya basi hulainisha gundi. Na zikilegezwa, muuzaji amwandikie mnunuzi kwamba amezilegeza, na kwa kiasi gani.