UCHAMBUZI: Urani ya Namtumbo na Fueli Inayozaliwa Ndani ya Kinu

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua, Julai 30, 2025, kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani katika mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, maswali kuhusu madini hayo yamefika hadi maeneo yaliyo mbali na mradi wenyewe. Katika Kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, mzee mmoja alimweka mwandishi wa makala haya kitako na kumuuliza: "Mwanangu, nimesikia redioni kwamba katika kila kilo ya urani, gramu saba tu ndizo zinazowaka. Hizo nyingine tunauza uchafu, au tunauza mali bila kujua?"

Swali hilo ni la msingi kuliko linavyoonekana, na jibu lake lina sehemu mbili zinazovutana.

Tuanze na hesabu aliyoisikia mzee, ambayo ni sahihi. Urani inayochimbwa ardhini, iwe ya Namtumbo au ya kwingineko, ni mchanganyiko wa aina mbili kuu za atomu za elementi moja. Katika kilo moja, takriban gramu 7 ni urani 235, na gramu 993 zilizobaki ni urani 238. Namba hizo ni jumla ya protoni na nyutroni zilizomo katika kiini cha atomu. Urani 235 ikigongwa na nyutroni, hata iendayo polepole, kiini chake hupasuka vipande viwili, hutoa joto jingi na kurusha nyutroni nyingine mbili au tatu zinazoendeleza kazi. Urani 238 haifanyi hivyo. Ikigongwa na nyutroni ya polepole, huimeza tu.

Kwa wakazi wa Mpanda, ambao kwa miaka mingi walitegemea umeme wa jenereta za dizeli, thamani ya gramu hizo inaweza kuelezwa kwa lita. Gramu moja ya urani iliyopasuka yote, katika kituo cha kawaida cha umeme, hutoa zaidi ya uniti 7,000. Jenereta nzuri hutoa takriban uniti 4 kwa lita moja ya dizeli. Gramu hiyo moja, basi, inasimama mahali pa lita zipatazo 1,800. Gramu 7 za kilo yetu ni sawa na takriban uniti 50,000. Lau gramu 993 zilizobaki nazo zingepasuka, kilo hiyohiyo ingetoa zaidi ya uniti milioni 7. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wanasayansi, tangu miaka ya 1940, waitazame urani 238 kwa jicho la tamaa.

Njia ya kuifikia ipo, nayo inaanzia palepale inapomeza nyutroni. Kiini kilichomeza huwa urani 239, ambacho hakitulii. Ndani yake nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, na elektroni moja hutupwa nje. Tendo hili huitwa uozo wa beta. Kwa kuwa idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi ni ipi, atomu hiyo si urani tena, imekuwa neptuni 239. Nusu ya atomu za urani 239 hubadilika hivyo kila baada ya dakika 23 na nusu, kwa hiyo baada ya saa nne imebaki moja tu katika kila elfu. Neptuni nayo haitulii. Hurudia tendo lilelile la beta, lakini kwa mwendo wa pole zaidi, nusu yake ikibadilika kila baada ya siku 2 na saa chache, na kuwa plutoni 239. Hapo safari husimama, kwani plutoni 239 huhitaji miaka ipatayo 24,000 ili nusu yake ipungue. Na plutoni hiyo, ikigongwa na nyutroni, hupasuka kama urani 235.

Kwa maneno mengine, atomu isiyofaa kuwa fueli imegeuka kuwa fueli bila mtu kuigusa, kwa kumeza nyutroni moja na kusubiri siku chache. Ndiyo maana wataalamu huiita urani 238 "yenye rutuba". Msomaji asichanganye neno hilo na "kurutubisha urani" kunakosikika katika habari za kimataifa. Kurutubisha ni kutenganisha tu, yaani kuongeza kiwango cha urani 235 katika mchanganyiko. Hakuna atomu mpya inayozaliwa.

Pengine litawashangaza wengi kwamba uzazi huu si jambo la kesho. Unatokea leo katika kila kinu cha nyuklia cha kawaida duniani. Kwa kila atomu 10 zinazotumika katika kinu kinachopozwa kwa maji, takriban 6 mpya za plutoni huzaliwa, na nyingi kati yake hupasuka humohumo. Karibu theluthi moja ya joto la vinu hivyo hutoka kwa plutoni ambayo haikuwapo fueli ilipoingizwa. Sehemu ya urani 238 kutoka Namtumbo, basi, itatoa umeme hata bila teknolojia mpya, ingawa ni sehemu ndogo. Mzee wa Shanwe hakukosea kuiita mali.

Kwa nini basi zizaliwe 6 na si 10 au 12? Jibu limo katika bajeti ya nyutroni. Plutoni 239 ikipasuka hurusha takriban nyutroni 2.9 kwa wastani. Lakini inapogongwa na nyutroni ya polepole, zaidi ya mara moja katika kila nne haipasuki. Huimeza nyutroni hiyo na kuwa plutoni 240. Ukichanganya hasara hiyo, kila nyutroni inayoingia katika plutoni hurudisha takriban 2.1 tu. Moja lazima iendeleze mpasuko, na moja iingie katika urani 238 ili kuziba pengo la atomu iliyotumika. Kinachobaki ni sehemu moja ya kumi ya nyutroni, ilhali maji, vyuma na kuta za kinu vyote humeza kiasi fulani. Bajeti inavunjika kabla mwezi haujaisha.

Nyutroni zikiachwa ziende kasi, hali hubadilika, kwa sababu plutoni hupasuka mara nyingi zaidi inapogongwa, na faida huongezeka. Hata hivyo, maji hayawezi kutumika kupoza kinu cha namna hiyo, kwa kuwa maji ndiyo yanayozipunguza kasi nyutroni. Vinu vingi vya aina hii hutumia sodiamu iliyoyeyuka, metali inayowaka ikikutana na hewa na kulipuka ikikutana na maji. Ugumu huo umekuwa na gharama. Nchini Japani, kinu cha Monju kilivuja sodiamu na kuwaka moto Desemba 1995, na mwaka 2016 Serikali ya nchi hiyo iliamua kukifunga moja kwa moja. Ufaransa nayo ilikiacha kinu chake kikubwa cha Superphénix katika miaka ya 1990.

Mfano uliodumu uko Beloyarsk, nchini Urusi, ambako kinu cha BN-600 kimezalisha umeme tangu mwaka 1980 na BN-800 kilianza kazi ya kibiashara mwaka 2016. Mwaka 2022 BN-800 kilijazwa karibu chote fueli ya mchanganyiko wa plutoni na urani 238 iliyobaki kutoka viwanda vya kurutubisha. Mwendeshaji wake ni kampuni ya kundi la Rosatom, shirika la Serikali ya Urusi ambalo pia ndilo lililo nyuma ya mradi wa Mto Mkuju kupitia kampuni yake ya Uranium One. Mbia wetu wa Namtumbo ndiye aliyesonga mbele zaidi katika teknolojia hii.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya jibu inapoanza, na si tamu kama ya kwanza. Ni rahisi kudhani kwamba vinu hivi vikienea, urani yetu itapanda thamani kwa kuwa yote itakuwa fueli. Hesabu inaelekea upande mwingine. Ili kupata fueli ya kinu cha kawaida, tani 10 za urani asilia hutenganishwa, takriban tani 1 huwa fueli, na tani 9 hubaki kama masalia ambayo karibu yote ni urani 238. Masalia hayo kwa kawaida hubaki kwa mwenye kiwanda cha kurutubisha, hayarudi kwa aliyechimba. Duniani sasa yamerundikana zaidi ya tani milioni 1. Mpango uliotangazwa kwa Mto Mkuju ni kufikia hadi tani 3,000 kwa mwaka kiwanda kikubwa kitakapokamilika. Maghala hayo yana akiba ya zaidi ya miaka 300 ya uzalishaji huo, tayari imechimbwa na kusafishwa. Nchi yenye vinu vya kuzalisha fueli haitahitaji kuja Namtumbo. Itafungua ghala lake.

Mpanda inalifahamu jambo hili kwa uzoefu wake. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umefungwa.

Hata hivyo, hakuna sababu ya kuogopa kwamba hilo litatokea ndani ya miaka michache. Kinu cha aina hii hakianzi kwa urani 238 peke yake. Huhitaji shehena ya kwanza ya plutoni, na shehena hiyo huzaliwa polepole. Tuchukue mfano wa kinu cha megawati 800 chenye shehena ya tani 2.5. Kwa mwaka hupasua takriban kilo 650. Kikizalisha atomu 12 kwa kila 10 zinazotumika, ziada ni kilo zipatazo 130. Itachukua karibu miaka 20 kupata shehena ya kuanzisha kinu cha pili, mbali na miaka ya kusubiri fueli ipoe na kuchakatwa. Mgodi wa kawaida unaweza kuishi maisha yake yote kabla ya uzazi huo kuitikisa bei ya soko.

Suala la plutoni lina upande mwingine unaowahusu wananchi, kwa kuwa ndiyo inayotumika pia katika silaha. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1991. Keki ya njano itakayotoka Namtumbo haina plutoni ya kuhesabika, lakini usafirishaji wake unapaswa kutolewa taarifa kwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na kwa hapa nchini msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Mzee aliposikiliza yote hayo aliuliza swali moja tu la nyongeza: je, bei tunayolipwa ni ya gramu saba au ya kilo nzima? Soko la dunia hupanga bei kwa ratili ya oksidi ya urani, bila kutenganisha aina za atomu. Lakini mnunuzi hulipa kiasi anacholipa kwa sababu ya zile gramu saba. Gramu 993 humfikia bila nyongeza.