Baridi Inayoua Mnyoo Huanzia Katikati ya Samaki

Katika mitihani ya usalama wa vyakula vya baharini, swali moja halikosekani: samaki atakayeliwa mbichi agandishwe kwa baridi gani na kwa muda gani ili vimelea vife? Mtahiniwa aliyekariri hujibu kwa haraka: nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, saa 24. Mwingine, aliyesoma kitabu tofauti, hujibu siku 7 kwa baridi hiyohiyo. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kumdhuru mlaji. Kasoro imo katika swali lenyewe, kwa kuwa haliulizi saa inaanza kuhesabiwa lini, wala baridi inapimwa wapi.

Jibu la saa 24 latokana na kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo hutaka kila sehemu ya samaki, hata kiini chake, iwe imefikia nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha ikae hivyo kwa saa 24. Jibu la siku 7 ni la Marekani. Huko kinachopimwa ni baridi ya hewa ndani ya friza, na siku hizo 7 hujumuisha muda wa samaki kuganda. Kwa hiyo tofauti ya majibu haimaanishi kwamba mnyoo wa Marekani ni sugu kuliko wa Ulaya. Kanuni moja huhesabu baada ya baridi kufika kwenye kiini, na nyingine huongeza muda ili baridi ipate kufika.

Tuchukue mfano wa jikoni. Sanduku la mapande manene ya samaki linaingizwa katika friza Jumatatu saa 2 asubuhi. Jumanne saa 2 asubuhi mapande ni magumu kwa nje, lakini kipimajoto kilichochomwa katikati ya pande nene kuliko yote kinasoma nyuzi 5 tu chini ya sifuri. Nyuzi 20 zinafikiwa saa 12 jioni siku hiyo. Kwa kanuni ya Ulaya, samaki huyo atakuwa tayari Jumatano saa 12 jioni. Kwa kanuni ya Marekani, ikiwa hewa haikupanda juu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, atakuwa tayari Jumatatu inayofuata saa 2 asubuhi. Mpishi aliyekariri "saa 24" bila zaidi atamtoa Jumanne asubuhi, na lava zilizomo ndani huenda bado ni hai.

Friza ya nyumbani nayo haifai kutegemewa. Nyingi hutegeshwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kila mlango unapofunguliwa joto hupanda. Ndimu, siki na chumvi ya kuonja haviwezi kufanya kazi ya baridi: nyama ya samaki hugeuka nyeupe kana kwamba imeiva, ilhali mnyoo yungali hai. Asiye na friza madhubuti na kipimajoto ana njia nyepesi zaidi, nayo ni kumpika samaki hadi kiini kifikie nyuzi 60 kwa dakika moja au zaidi.

Linalohofiwa zaidi katika samaki wa baharini ni lava ya mnyoo aitwaye anisakisi. Ikimezwa ikiwa hai, hujichimbia katika ukuta wa tumbo, na mgonjwa hupata maumivu makali, kichefuchefu na kutapika saa chache baada ya mlo. Dalili hizo hufanana na za vidonda vya tumbo. Mganga asipouliza, "Jana ulikula samaki mbichi au asiyeiva?", atatoa dawa ya asidi na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Endoskopia inaweza kumwona mnyoo na kumtoa papo hapo, na maumivu yakatulia.

Kuna kikomo ambacho mtihani unapaswa pia kukitaja. Kugandisha huua mnyoo, lakini hakuondoi histamini iliyokwisha kujengeka katika samaki aliyekaa juani, wala hakuui bakteria wote. Aidha, mtu mwenye mzio wa anisakisi anaweza kudhurika hata na mnyoo aliyekufa, kwa kuwa protini zake hubaki. Mgonjwa wa namna hiyo asiambiwe kwamba samaki aliyegandishwa ni salama kwake.

Watunga mitihani wabadilishe swali. Wampe mtahiniwa karatasi ya kumbukumbu za friza, yenye saa, joto la hewa na joto la kiini, kisha wamwulize: samaki huyu atolewe lini, na kwa kanuni ipi? Atakayejibu hilo ameonyesha kwamba anajua kusoma kipimajoto, na ndicho atakachokishika siku ya kazi.