Yah: Jiografia Iliyokuwa Tupu na Wastani Uliogawanywa kwa Tisa

Kwa Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya yetu,

Ndugu Afisa Elimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili, wanafunzi 62. Nakuandikia hadharani kwa sababu jedwali la matokeo tunalotumia lilitoka ofisini kwako likiwa limeshawekwa kanuni, na shule zote zilizofanya mtihani wa pamoja zimelitumia hilohilo.

Juzi saa tatu usiku mama mmoja alinitumia skrinshoti ya ripoti ya mwanawe, na nyuma yake sauti fupi: “Mwalimu, huyu mtoto ameporomoka, au mimi ndiye sijui kusoma?” Ripoti ilisema wastani 48.0, nafasi ya 31 kati ya 62. Muhula uliopita alikuwa na 52.0. Chini yake, palipo na maoni ya mwalimu wa darasa, yaani mimi, jedwali lilikuwa limejiandikia lenyewe: “Ameshuka. Aongeze bidii.”

Nikachukua karatasi. Skrinshoti ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kunifikia, na kila ikipita inafifia. Alama ya Hisabati niliisoma 84. Nilipojumlisha nikapata 482, ilhali ripoti imeandika jumla 432. Tofauti ni 50 kamili, na tofauti ya namna hiyo humwambia mtu mahali pa kutazama: kuna tarakimu ya makumi iliyosomwa vibaya, na 3 na 8 kwenye picha iliyofifia ni mapacha. Hisabati ilikuwa 34. Ndiyo maana kabla ya kukokotoa chochote kutoka kwenye picha najumlisha kwanza, nione kama najibiwa na jumla iliyochapwa.

Alama zenyewe basi ni hizi: Kiswahili 71, Kiingereza 58, Hisabati 34, Fizikia 42, Kemia 49, Baiolojia 55, Historia 63, Elimu ya Biashara 60. Jumla 432. Mstari wa Jiografia umeandikwa ABS. Siku ya mtihani huo kijana alikuwa amelazwa na malaria, na cheti cha hospitali ninacho kwenye faili la darasa.

Hesabu masomo hayo: ni manane. Ukigawa 432 kwa 8 unapata 54.0. Ukigawa kwa 9 unapata 48.0 ya kwenye ripoti. Nikafungua faili nikakuta kanuni yako ya wastani ni =SUM(C5:K5)/9. Kwa SUM, neno ABS si namba, kwa hiyo linarukwa kimyakimya. Lakini ile 9 haijui kuruka. Mtoto aliyekuwa kitandani amepewa sifuri bila mtu yeyote kuiandika. Ingekuwa imeandikwa 0 waziwazi, mzazi angeuliza siku ileile.

Tena hata 54.0 haiwezi kuwekwa kando ya 52.0 ya muhula uliopita, maana ile ilikuwa ya masomo tisa. Muhula ule jumla yake ilikuwa 468, na Jiografia alipata 68. Toa Jiografia, zinabaki 400 kwa masomo manane, wastani 50.0. Sasa tunalinganisha kitu na mwenzake: masomo yaleyale manane, kutoka 50.0 hadi 54.0. Mtoto amepanda kwa alama nne, na ripoti yenye jina langu inamwambia mama yake ameshuka kwa alama nne.

Kuhusu nafasi, ripoti ya mwanafunzi mmoja haitoshi kuikokotoa. Nafasi ni idadi ya waliokuzidi, ukaongeza moja. Bila wastani wa darasa zima hakuna hesabu. Mimi ninalo jedwali zima, nikahesabu. Waliozidi 54.0 ni 18, na mmoja ana 54.0 barabara. Kijana angekuwa wa 19 pamoja na huyo mwenzake, na anayefuata angekuwa wa 21, si wa 20. Alama sita tu, na nafasi 12 zimepotea, kwa sababu katikati ya darasa wanafunzi wamebanana kama abiria wa daladala ya jioni.

Lakini sikumwandikia mama kwamba mwanawe ni wa 19. Wenzake walifanya Jiografia na yeye hakufanya. Tukianza kugawa kwa masomo yaliyofanywa tu na kisha kupanga nafasi, atatokea mjanja atakayefanya Kiswahili peke yake, apate 71, awe juu ya nusu ya darasa. Wastani wa masomo aliyofanya aupate, nafasi isubiri.

Nilichomwandikia ni hiki, na nilihakikisha kinasomeka chote kwenye simu bila kusogeza:

“Habari za jioni, Mama. Unajua kusoma, ripoti ndiyo iliyokosea. Kijana hakufanya Jiografia kwa sababu alikuwa amelazwa, na jedwali likahesabu kama amepata sifuri. Wastani wake kwa masomo manane aliyofanya ni 54.0. Muhula uliopita, kwa masomo hayohayo, alikuwa na 50.0, kwa hiyo amepanda. Nafasi ya 31 usiihesabu. Atapangiwa akishafanya Jiografia. Linalohitaji kusaidiwa ni Hisabati, amepata 34. Naomba uje naye Jumatatu asubuhi tupange.”

Nilianza na swali lake kwa sababu ndilo lililomnyima usingizi. Hisabati nimeiweka mwisho, ila sikuificha: 34 ni D, na kuilaumu kanuni ya wilaya kusitufanye tumsahau mtoto. Maneno “aongeze bidii” sikuyarudia. Yanaandikwa kwa wote 62 na hayamwambii mzazi afanye nini kesho.

Ndugu Afisa, marekebisho yenyewe ni mistari mitatu, ikianzia mstari wa 5 ambao ndio wa mwanafunzi wa kwanza. L ni wastani, M ni idadi ya masomo aliyofanya, N ni nafasi:

```
L5: =IF(M5=0,"-",ROUND(AVERAGE(C5:K5),1))
M5: =COUNT(C5:K5)
N5: =IF(M5=9,COUNTIFS($M$5:$M$66,9,$L$5:$L$66,">"&L5)+1,"-")
```

Asiyekamilisha masomo tisa anapata kistari badala ya nafasi, wala hahesabiwi anapopangwa mwingine. Alama za $ zisifutwe. Zikifutwa, eneo la kulinganisha linateremka pamoja na kanuni, na wa mwisho kwenye orodha anabaki kulinganishwa na nafsi yake tu. Shule ikikuletea orodha ya majina kwa alfabeti, na mwenye jina la Z akawa wa kwanza, tazama hapo kabla hujampa zawadi.

Jambo jingine kwa kifupi: jedwali la darasa zima lisirushwe tena kwenye kundi la wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na alama za mtoto wa jirani si habari za kundi.

Katika darasa langu pekee wenye ABS ni wanne, na wote wamegawanywa kwa tisa. Naomba jedwali lirekebishwe, na kila ripoti iandike wastani umetokana na masomo mangapi, kabla ya ripoti za Desemba kutoka. Faili lililorekebishwa nimeshalileta ofisini kwako.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili