Mtori Haunyonyi

Nina ugomvi na mtori. Ndizi zimeiva vizuri kwenye sufuria, nyama imelainika, na bakuli la pili huwa siliachi. Ugomvi wangu ni na kazi tunayoupa. Mwanamke akijifungua, tunampikia mtori, uji wa pilipili manga, supu ya pweza na chai ya tangawizi, halafu tunasubiri maziwa yatoke kama maji ya bomba. Yasipotoka kwa kiasi tulichotarajia, tunamwangalia mzazi: hali vizuri, anawaza sana, ana matiti madogo. Hakuna anayemwangalia mtoto anavyonyonya.

Dada yangu alijifungua Dar es Salaam mwaka jana, mtoto wa kike, kilo 3.2. Mimi nilikuwa Morogoro, kwenye shahada ya uzamili ya sayansi ya wanyama, nikihangaika na mbuzi wa maziwa. Nilifika kwake siku ya tisa. Shangazi alikuwa ameshakabidhiwa jiko, na hukumu ilikuwa imeshatoka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umefika wakati mzuri. Dada yako hana maziwa."

Ushahidi wake ulikuwa huu. Siku ya tatu matiti yalijaa hadi yakauma, sasa yamelegea. Kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku, mtoto analia, ananyonya dakika kumi, anaachia, analia tena. Na dada alipojaribu pampu ya kuazima, alipata maziwa ya kufunika tu chini ya chupa. Usiku huo shangazi alikoroga mililita 60 za maziwa ya kopo. Mtoto akalala saa nne mfululizo. Nyumba nzima ikapumua. Kesi ikawa imekwisha.

Nataka kuifungua upya, kwa sababu hakuna ushahidi hata mmoja kati ya huo unaothibitisha kwamba maziwa ni machache.

Tuanze na matiti kulegea. Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla katika damu, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa huja kwa wingi. Uvimbe wa siku hizo si maziwa peke yake. Damu na majimaji ya mwilini pia hujaa kwenye titi. Baada ya wiki moja au mbili uvimbe hupungua na titi hulainika. Titi laini si titi tupu. Ama kilio cha jioni, watoto wengi wachanga hunyonya kwa mafungu saa za jioni, mara nyingi na karibu karibu, hata kwa mama mwenye maziwa tele. Na pampu hupima uwezo wa pampu. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa kuliko mashine, na mama mwenye hofu mbele ya mashine ngeni huchelewa kuachia maziwa. Usingizi wa saa nne? Tumbo lililojazwa chupa haraka hulala. Haina maana kwamba kabla ya hapo lilikuwa na njaa.

Sasa tuje kwa mbuzi wangu.

Kiwele cha mbuzi kina pande mbili, kila upande na chuchu yake, na maziwa ya upande mmoja hayapiti kwenda wa pili. Mwaka 1971 wanafiziolojia wawili wa Uingereza, Linzell na Peaker, walitumia umbile hilo kuuliza swali zuri: ukikama upande mmoja mara nyingi zaidi na mwingine ukauacha kwenye ratiba ya kawaida, itakuwaje? Upande uliokamwa zaidi uliongeza maziwa. Ule mwingine haukuongeza. Mnyama ni yule yule, majani ni yale yale, damu inayopita pande zote mbili ni moja. Kama chakula ndicho chenye neno la mwisho, pande zote mbili zingepanda pamoja. Zilitofautiana kwa jambo moja tu: ni mara ngapi maziwa yaliondolewa.

Titi la mwanamke hufuata kanuni hiyo hiyo baada ya zile siku za mwanzo. Maziwa yanayobaki ndani huziambia seli zipunguze kasi; yakiondolewa, kasi hupanda. Ndiyo maana mtoto anayependa titi la kushoto humwachia mama titi la kushoto kubwa kuliko la kulia, ingawa mtori ulikuwa wa mwili mzima.

Kwa hiyo tazama chupa ile ilifanya nini. Mtoto alilala saa nne, na kwa saa nne titi halikunyonywa. Kesho yake maziwa yakapungua kidogo, mtoto akalia zaidi, chupa zikawa mbili. Siku ya kumi na nne zilikuwa nne kwa siku, na dada yangu sasa kweli alikuwa na maziwa machache. Shangazi akasema, "Si niliwaambia?" Sitamlaumu. Alikuwa amesema uongo ambao ndani ya siku tano uligeuka kuwa kweli, na hakuna uongo mgumu kuukanusha kama huo.

Najua jibu ambalo wengine mnaliandaa: lakini bibi zetu walikunywa uji wa pilipili manga na watoto walikua. Walikua, naam. Watoto hao pia walilala ubavuni mwa mama usiku kucha, wakanyonya kila walipoguswa na kiu, bila saa ukutani. Sifa tumempa uji kwa kazi iliyofanywa na mtoto.

Na hili limejaribiwa kwetu Afrika. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, watafiti waliwapa akina mama wanaonyonyesha chakula cha nyongeza, zikiwemo biskuti zenye karanga. Ripoti yao ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba kiasi cha maziwa hakikuongezeka, na hao walikuwa wanawake waliokuwa wakila kidogo na kulima. Uwatu na dawa nyingine za kuongeza maziwa nazo zilikusanyiwa tafiti: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalipitia majaribio 41 na kuishia kusema ushahidi ni dhaifu mno kutoa uhakika. Maji nayo, ukinywa kupita kiu yako, unaongeza safari za chooni tu. Ukubwa wa titi hutokana zaidi na mafuta kuliko tezi za maziwa. Mzazi anahitaji kula, tena kula zaidi, kwa sababu mwili wake ndio utakaolipa asipokula. Mpikie kwa ajili yake mwenyewe.

Uongo ninaouchukia kuliko wote ni ule wa "usiwaze, maziwa yatakauka." Una ukweli nusu. Hofu na maumivu huchelewesha oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke; lakini kuchelewa kutoka si kukauka. Na umeshawahi kumwona mtu aliyeacha kuwaza kwa sababu ametishiwa?

Tulimpeleka mtoto kliniki siku hiyo ya kumi na nne. Kadi ilisomeka hivi: kuzaliwa 3.2, siku ya tano 2.95, sasa 3.15. Kupungua kwa siku za mwanzo hakukuwa ajabu; watoto wengi hupoteza hadi asilimia saba, wengine karibu kumi, na kurudia uzito wao kufikia wiki mbili. Wetu alikuwa bado, licha ya chupa. Nesi hakuuliza dada anakula nini. Alisema, "Mnyonyeshe nione."

Aliona kwa dakika mbili kitu ambacho sisi hatukukiona kwa wiki mbili. Mtoto alikuwa ameshika chuchu tupu, mashavu yanabonyea, anatoa sauti ya kugonga ulimi. Chuchu ilitoka mdomoni imebanwa upande mmoja, na ilikuwa na mipasuko ambayo dada alidhani ni kawaida. Mtoto anayeshika hivyo hunyonya muda mrefu na kupata kidogo. Nesi alimgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama, chuchu ikielekea puani, akasubiri mdomo ufunguke kama anapiga miayo, kisha akamsogeza, kidevu kwanza, hadi sehemu kubwa ya eneo jeusi la chini ikaingia mdomoni. Kimya. Kisha tukasikia kumeza.

Maagizo yalikuwa ya kazi. Kunyonyesha angalau mara kumi kwa saa 24, titi zote mbili, usiku ukiwemo. Kukamua kwa mkono baada ya kunyonyesha na kumpa mtoto hayo kwa kikombe. Kopo lisikatwe ghafla, lipunguzwe kadiri uzito unavyopanda. Siku ya kumi na saba: 3.24. Siku ya ishirini na nne: 3.48, na kopo limebaki mara moja kwa siku. Wiki ya tano likaisha. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, na ya shangazi ilikuwa kumbeba mtoto mama alale. Mtori uliendelea kupikwa.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana mabango yanayosema kila mama anaweza nayo yanaumiza. Wapo wanawake ambao maziwa ni machache kweli. Kipande cha kondo kilichobaki tumboni huzuia maziwa yasije. Kutokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua kunaweza kuathiri tezi ya ubongoni inayotoa prolaktini. Wapo wenye matatizo ya tezi ya shingo, waliofanyiwa upasuaji wa matiti, au ambao matiti hayakubadilika kabisa katika ujauzito. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupunguza maziwa, na vilevile dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Hawa wanahitaji kupimwa, na wengine watahitaji kopo bila aibu yoyote.

Utawajuaje? Kwa mtoto, si kwa titi. Kuanzia siku ya tano, nepi zenye mkojo mwepesi zifike sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimetoka weusi kwenda njano. Mizani ya kliniki ionyeshe kupanda, kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mtoto anayelala mno hata haamki kunyonya, anayezidi kuwa wa njano, asiyekojoa, au aliyepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, huyo ni wa hospitali leo. Ashibe kwanza, mjadala baadaye.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia. Jirani yake amejifungua, na anaambiwa hana maziwa. Nikauliza amempelekea nini.

"Mtori," akasema. Akanyamaza kidogo. "Lakini nimehesabu nepi. Saba."