Neno la Mhariri: Dakika Kwanza, Cheo Baadaye

Toleo hili linahusu dashamsha, chati ya mgawo wa kumi katika unajimu wa Kihindi, ambayo wanajimu huisoma wakitafuta kazi ya mtu na hadhi yake mbele ya watu. Msimamo wetu ni mmoja: asiyejua dakika aliyozaliwa asisomewe dashamsha.

Sababu imo katika hesabu yenyewe. Kila nyota ya zodiaki ina nyuzi 30. Dashamsha huikata vipande kumi vya nyuzi tatu tatu, na kila kipande hupewa nyota yake. Kwa nyota za witiri, kuhesabu huanzia kwenye nyota yenyewe. Kwa zile za shufwa, huanzia kwenye ya tisa kutoka hapo.

Tumtazame Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Kwa kipimo cha Lahiri, siku hiyo nzima jua lilikuwa katika kipande cha tisa cha Mizani, kati ya nyuzi 24 na 27. Mizani ni ya saba, yaani witiri. Ukihesabu tisa kuanzia hapo unafika Mapacha, nyota ya Utaridi, sayari ambayo wanajimu huihusisha na maandishi na usemi. Anayejua kwamba Mkapa alihariri magazeti ya Nationalist na Uhuru kabla ya kuwa Rais, 1995 hadi 2005, atasema chati imenena.

Asifanye haraka. Jua hukaa katika kipande kimoja siku tatu hivi, na watoto wote wa siku hizo, wa Masasi na wa Bombei, wanalo jua hilohilo. Kinachowatenganisha ni lagna, sehemu ya anga inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa. Hiyo husogea uzi mmoja kwa dakika nne hivi, kwa hiyo huvuka kipande kizima kwa dakika 12. Anayeambiwa alizaliwa alfajiri, jogoo wakiwika, ana vipande kadhaa vya kuchagua, na mwanajimu atachagua kile kinacholingana na cheo anachokijua tayari.

Hata saa iliyoandikwa ina mtego wake. Kuanzia 1948 hadi 1960 saa za Tanganyika zilitangulia za Grinichi kwa saa mbili na dakika 45, si saa tatu kamili kama leo. Mzaliwa wa Newala wa 1955 akipigiwa hesabu kwa saa tatu, anarudishwa nyuma dakika 15. Lagna yake inasogea karibu nyuzi nne, na dashamsha aliyosomewa si yake.

Basi msomaji, kabla ya kusikiliza habari za cheo, uliza saa hiyo imetoka wapi. Kisha mwambie mwanajimu aisogeze dakika 12 mbele na 12 nyuma. Kama hawezi kukuonyesha maandishi yanayoizuia isisogee, usikubali usomaji wake.