Wastani wa Matawi Si Wastani wa Biashara

Wafanyabiashara wa ukanda wa magharibi wenye matawi zaidi ya moja wana desturi inayowagharimu fedha bila wao kujua. Kila mwisho wa wiki tawi hupeleka makao makuu namba moja tu: bei ya wastani iliyonunulia mzigo. Karani wa makao makuu huzijumlisha bei hizo, huzigawa kwa idadi ya matawi, na jibu linalopatikana huitwa gharama ya kampuni. Jibu hilo si gharama ya kampuni. Mbaya zaidi, takwimu za matawi zinapoingizwa upya baada ya stakabadhi zilizochelewa kufika, jibu hilo linaweza kupanda wakati gharama halisi inashuka.

Jambo hili linawahusu zaidi wanaofanya biashara katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea Ujiji. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo huo huo, na hadi leo mnunuzi wa asali, mpunga au mahindi hupanga matawi yake kwa kufuata mstari huo. Tawi la mjini huwa kubwa, la Urambo huwa la kati, na lile la mbali upande wa Uvinza huwa dogo na hesabu zake huchelewa. Matawi yanapotofautiana namna hiyo kwa ukubwa, kuyapa yote sauti sawa katika hesabu ni kosa.

Mfano wa asali

Achukuliwe mnunuzi wa asali mwenye matawi matatu. Namba zinazofuata ni za mfano tu, wala si bei za soko la wiki hii. Hadi Ijumaa jioni tawi la Tabora mjini limenunua kilo 6,000 kwa shilingi 42,000,000, yaani shilingi 7,000 kwa kilo. Urambo imenunua kilo 3,500 kwa shilingi 21,000,000, yaani shilingi 6,000 kwa kilo. Uvinza, ambako asali hununuliwa karibu na warinaji wenyewe, imenunua kilo 500 kwa shilingi 2,000,000, yaani shilingi 4,000 kwa kilo.

Karani anajumlisha 7,000, 6,000 na 4,000, anagawa kwa tatu, anapata shilingi 5,667. Mwenye mali anaridhika, na anakubaliana na mnunuzi wa Dar es Salaam kumuuzia kwa shilingi 6,200. Kwa hesabu yake anapata faida ya shilingi 533 kwa kila kilo kabla ya gharama za usafiri.

Lakini fedha iliyotoka mfukoni mwake ni shilingi 65,000,000, na asali iliyomo ghalani ni kilo 10,000. Fedha ikigawiwa kwa kilo, gharama ni shilingi 6,500. Kwa hiyo akiuza kwa 6,200 anapoteza shilingi 300 kwa kila kilo, na kwa mzigo wote hasara ni shilingi 3,000,000. Hakuna aliyemwibia, na kila tawi limetoa bei yake sahihi. Kosa limefanyika mezani pa karani.

Chanzo chake ni rahisi kukiona. Uvinza ina kilo 500 kati ya 10,000, ambayo ni asilimia 5 ya mzigo. Katika hesabu ya karani, hata hivyo, bei ya Uvinza imepewa theluthi nzima ya uzito, sawa na ile ya Tabora yenye kilo 6,000. Bei nafuu ya mzigo mdogo imeivuta chini bei ya mzigo mkubwa.

Takwimu zinapoingizwa upya

Jumatatu stakabadhi za Uvinza zilizochelewa zinafika. Ni kilo 2,000 zilizonunuliwa kwa shilingi 10,000,000, yaani shilingi 5,000 kwa kilo. Karani anaziingiza katika kompyuta, anabonyeza kitufe cha `Refresh`, na taarifa inajipanga upya. Sasa Uvinza ina kilo 2,500 zilizogharimu shilingi 12,000,000, na wastani wake umetoka 4,000 hadi 4,800.

Wastani wa matawi matatu nao unapanda kutoka 5,667 hadi 5,933. Mwenye mali anaona gharama imeongezeka kwa shilingi 266 kwa kilo, na mkosaji anaonekana kuwa Uvinza, maana ndilo tawi pekee ambalo bei yake imebadilika. Jambo la kwanza atakalofikiri ni kuliamuru tawi hilo lisimamishe ununuzi.

Hesabu halisi inasema kinyume. Fedha yote sasa ni shilingi 75,000,000 na asali ni kilo 12,000, kwa hiyo gharama ni shilingi 6,250. Imeshuka kutoka 6,500. Zile kilo 2,000 zilikuwa ghali kwa kipimo cha Uvinza, lakini zilikuwa rahisi kuliko gharama ya kampuni nzima, na ndizo zilizoshusha gharama hiyo. Kulifunga tawi la Uvinza kwa sababu ya taarifa ile kungekuwa kulifunga tawi linalompunguzia mwenye mali hasara.

Yapo makosa mengine mawili yanayojitokeza wakati huo huo. La kwanza ni la karani anayechukua wastani wa Ijumaa, 4,000, na ule wa stakabadhi mpya, 5,000, akatafuta katikati yake na kuandika 4,500. Amekosea, kwa kuwa mzigo wa pili ni mara nne ya wa kwanza, na jibu lake ni 4,800. La pili linahusu tawi ambalo halikununua kitu wiki hiyo. Nafasi yake ikijazwa sifuri, kompyuta italihesabu kama tawi lililonunua kwa bei ya bure na kuuangusha wastani. Ikiachwa wazi, kompyuta italiruka. Taarifa mbili za wiki moja zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo peke yake.

Tawi lilete jumla

Dawa ni kulizuia tawi kupeleka wastani. Lipeleke mambo matatu yanayoweza kujumlishwa: idadi ya stakabadhi, jumla ya kilo na jumla ya shilingi. Makao makuu yajumlishe kila safu peke yake, na kugawa kufanyike mara moja tu, mwishoni kabisa. Kwa mfano huu, daftari la Jumatatu litakuwa hivi:

```
Tawi      Stakabadhi    Kilo      Shilingi
Tabora       120        6,000    42,000,000
Urambo        70        3,500    21,000,000
Uvinza        30        2,500    12,000,000
Jumla        220       12,000    75,000,000
```

Katika Excel, ikiwa kilo ziko safu ya C, shilingi safu ya D na bei ya kila tawi safu ya E, kanuni inayoharibu na inayofaa ni hizi:

```
=AVERAGE(E2:E4)             si sahihi
=SUM(D2:D4)/SUM(C2:C4)      sahihi
```

Kanuni ya pili haisumbuliwi na takwimu kuingizwa upya. Tawi lisilonunua linaongeza sifuri juu na sifuri chini, na jibu halibadiliki. Tawi jipya likifunguliwa Kaliua, safu yake inaongezwa katika eneo la kujumlishwa na kazi inaendelea. Aidha, jumla za wiki nne zikijumlishwa zinatoa jumla za mwezi, na za miezi zinatoa za mwaka, bila mtu kurudi kwenye stakabadhi za zamani.

Tahadhari moja inahitajika kwa wanaotumia majedwali ya muhtasari ya kompyuta. Jedwali likiagizwa kutoa wastani wa safu ya bei, litachukua bei iliyoandikwa katika kila stakabadhi na kuzipa zote uzito sawa, iwe ya kilo 10 au ya kilo 400. Hilo ni kosa lile lile limeshuka ngazi moja, kutoka tawini hadi kwenye stakabadhi. Jedwali liagizwe kujumlisha shilingi na kujumlisha kilo, kisha jumla moja igawiwe kwa nyingine.

Idadi ya stakabadhi ndiyo mlinzi wa hesabu. Vitabu vya stakabadhi vina namba za mfululizo, na karani akiingiza tena zile 10 za Ijumaa pamoja na 20 mpya, Uvinza itaonyesha stakabadhi 40 wakati kitabu chake kimefika ya 30. Bei itakayotoka, 4,667, haitamshtua mtu, lakini 40 itamshtua. Njia salama ni tawi kutuma jumla yake tangu mwanzo wa wiki kila linaporekebisha, na makao makuu yafute ile ya awali badala ya kuongeza juu yake.

Mipaka yake

Jumla hufaa pale tu vipimo vinapolingana. Tawi linalonunua kwa ndoo lipime kilo kwanza, kwa maana ndoo za asali hazijazwi sawa kila mahali. Madaraja ya mzigo yawe na safu zake, hasa kwa tumbaku, ambayo kila daraja lina bei yake. Wastani mmoja wa madaraja yote unaweza kushuka kwa sababu tu wiki hiyo lilikuja jani hafifu. Nauli ya kutoka Uvinza hadi Tabora iongezwe kwenye shilingi za Uvinza kabla ya kuamua kama tawi hilo ni nafuu kweli.

Kuna pia takwimu zisizopatikana kwa jumla na idadi. Anayetaka bei ya katikati, ambayo nusu ya stakabadhi ziko juu yake na nusu chini, hana budi kuzipanga stakabadhi zote. Na wastani wa matawi wenyewe una kazi yake pale swali linapohusu matawi, kwa mfano kulinganisha utendaji wa mameneja, ambapo kila meneja ni mmoja hata kama ghala lake ni dogo. Usitumike tu kupanga bei ya kuuzia.

Mwekezaji mdogo aliyeweka fedha zake katika kampuni au kikundi chenye matawi anayo haki ya kuuliza swali moja anapoonyeshwa gharama ya wastani: ni shilingi ngapi zimegawiwa kwa kilo ngapi? Mwenye hesabu safi atazitaja namba zote mbili papo hapo. Akiwa na bei za matawi tu mkononi, gawio linalotangazwa lisubiri mpaka stakabadhi zijumlishwe.