Posho ya intaneti iwe kwenye barua ya ajira

Mwajiri anayempa kijana wa Ogembo kazi ya kufanyia nyumbani anapaswa kuandika posho ya intaneti, simu na vifaa kwenye barua ya ajira kabla haijatiwa saini.

Ahadi ya mdomo haitoshi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kifungu cha 10 kinataka malipo na marupurupu yaelezwe humo. Kisichoandikwa hubishaniwa, na meneja aliyekiahidi huenda keshahama.

Maneno nayo yapimwe. “Tutagharamia intaneti” hayataji kiasi. “Shilingi 3,000 kila mwezi, baada ya kodi” yanataja, maana posho ya fedha taslimu hukatwa kodi kama mshahara. Kompyuta ielezwe ni ya nani na ikiharibika nani ataitengeneza. Umeme ukipotea na mfanyakazi akanunua data ya simu ili amalize zamu, hiyo ni gharama ya kazi, si matumizi ya nyumbani.

Wanaoandaa barua hizi waongeze kifungu cha posho sasa, na wanaosimamia sheria za kazi wakatae mikataba isiyokuwa nacho.